Jinsi ya kutenganisha uwezo na upendeleo wa kujibu kwa kutumia hiti na kengele za uongo

Kuna maswali yanajirudia kila mara kwa watu wanaoanza kufanya tafiti za kumbukumbu na utambuzi, na karibu yote mzizi wake ni mmoja, mtu kahesabu mshiriki katambua maneno mangapi alafu akaishia hapo hapo. "Huyu wangu kapata 90%, yule mwingine 60%, mbona naambiwa kumbukumbu zao ziko sawa?" Au "wote watatu wamepata 75%, kwani si wanalingana?" Majibu ya maswali haya yamo kwenye nadharia ya ugunduzi wa ishara, na hesabu yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Hapa tutachukua mfano mmoja tu, jaribio la kumbukumbu la ndiyo na hapana, twende nao mpaka mwisho. Ukiuelewa huu, jaribio la kusikia mlio hafifu au la kutafuta uvimbe kwenye picha ya eksirei linahesabiwa hivyo hivyo.

Mfano wenyewe ni huu. Mshiriki anasoma orodha ya maneno 50. Baadaye anaonyeshwa maneno 100 yaliyochanganywa, 50 yale yale ya mwanzo (tuyaite ya zamani) na 50 ambayo hakuonyeshwa (mapya), na kwa kila neno anabonyeza "ndiyo, nililiona" au "hapana". Basi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Data ya kila zamu, sio jumla peke yake. Kwa kila neno ujue lilikuwa la zamani au jipya, na mshiriki alijibu nini.
- Idadi ya maneno ya zamani na idadi ya maneno mapya, kila moja peke yake.
- Spredishiti yoyote yenye fomula za takwimu, au R kama umeizoea.
- Maneno mapya ya kutosha. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna watu wanakuja wakiwa wameshakusanya data yote, na jaribio zima halina neno jipya hata moja. Hapo hamna kitu cha kuokoa, manake bila maneno mapya hakuna kengele za uongo, yaani kusema ndiyo kwa neno jipya, na bila kengele za uongo huwezi kujua kama mtu anakumbuka au anabonyeza tu ndiyo kila saa.

Nadharia kidogo tu, ili namba ziwe na maana

Kila neno linapotokea, mshiriki anapata hisia fulani ya kulifahamu, inaweza kuwa kali au hafifu. Maneno mapya nayo yanaleta hisia hiyo, ila kwa wastani ni ya chini. Ukichora utapata vilima viwili, cha maneno mapya kushoto na cha maneno ya zamani kulia, na kwa kawaida vinaingiliana. Mshiriki anajiwekea kizingiti mahali fulani, hisia ikizidi hapo anasema ndiyo, isipozidi anasema hapana.

Kwa hiyo kuna vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni umbali kati ya vilima, ndo uwezo wake wa kutofautisha, unaandikwa d' na kusomwa di praimu. Cha pili ni mahali alipoweka kizingiti, ndo upendeleo wa kujibu, unaandikwa c. Mtu anaweza kusogeza kizingiti kwa sababu ya maelekezo uliyompa, au kwa kuogopa kukosea, au kwa kuwa amehisi maneno mengi ni ya zamani, na kumbukumbu yake isibadilike hata chembe. Fikra hii ilitoka kwa mainjinia wa rada, na mwaka 1954 Wilson Tanner na John Swets wakaiingiza kwenye saikolojia ya utambuzi. Kwa kazi ya leo hiyo inatosha.

Hatua ya 1: Panga majibu kwenye mafungu manne

Kila zamu inaangukia fungu moja tu:

- neno la zamani, kajibu ndiyo: hiti
- neno la zamani, kajibu hapana: kukosa
- neno jipya, kajibu ndiyo: kengele ya uongo
- neno jipya, kajibu hapana: kukataa kwa usahihi

Hesabu kila fungu kwa kila mshiriki. Alafu hakikisha hiti ukijumlisha na kukosa unapata idadi ya maneno ya zamani, na mengine mawili yanakupa idadi ya mapya. Kama hazifiki, kuna zamu ambazo mtu hakujibu kabisa, muda ukamwishia. Hizo usizigeuze kuwa "hapana". Zitoe kwenye hesabu, upunguze idadi ya maneno ya upande husika, na kwenye ripoti useme umetoa ngapi. Ukiziita hapana utakuwa unamsukumia mtu upendeleo ambao hana.

Hawa hapa washiriki watatu tutakaoenda nao:

| Mshiriki | Hiti (kati ya 50) | Kengele za uongo (kati ya 50) | Sahihi kwa jumla |
|---|---|---|---|
| wa kwanza | 45 | 20 | 75% |
| wa pili | 30 | 5 | 75% |
| wa tatu | 49 | 24 | 75% |

Ukiangalia hiti peke yake wa pili anaonekana hovyo kabisa. Ukiangalia asilimia ya jumla wote ni sawa. Picha zote mbili zinapotosha, na tutaona kwa nini.

Hatua ya 2: Geuza hesabu kuwa viwango

Kiwango cha hiti ni hiti gawanya kwa maneno ya zamani. Kiwango cha kengele za uongo ni kengele za uongo gawanya kwa maneno MAPYA. Wa kwanza: 45/50 = 0.90 na 20/50 = 0.40. Wa pili: 0.60 na 0.10. Wa tatu: 0.98 na 0.48.

Kosa linaloongoza kwa wanaoanza liko hapa hapa, watu wanagawanya kwa zamu zote 100. Ukifanya hivyo wa kwanza anakuwa na 0.45 na 0.20, na kila kitu kitakachofuata ni takataka, tena kompyuta haitakuonya kwa sababu namba bado zinaonekana za kawaida. Dalili yake ni kwamba ukipanga viwango vya hiti vya washiriki wako wote hakuna hata kimoja kinachozidi 0.5. Ukiona hivyo rudi ukaangalie umegawanya kwa nini.

Kosa lingine la hapa ni kuchukua kukosa ukadhani ni kengele ya uongo. Zote ni makosa ya mshiriki lakini kukosa hakukupi taarifa mpya, ni 1 toa kiwango cha hiti basi. Namba mbili unazozihitaji lazima moja itoke kwenye maneno ya zamani na nyingine kwenye maneno mapya.

Hatua ya 3: Geuza viwango kuwa alama z

Sasa kila kiwango kinageuzwa kuwa alama z, yaani kwenye mgawanyo wa kawaida wenye wastani 0 na mchepuko sanifu 1, ni sehemu gani ambayo kushoto kwake kuna kiasi hicho cha eneo. Kiwango cha 0.50 kinatoa z ya 0, zaidi ya hapo unapata chanya, chini ya hapo hasi.

- 0.90 inatoa 1.28
- 0.60 inatoa 0.25
- 0.98 inatoa 2.05
- 0.10 inatoa -1.28
- 0.40 inatoa -0.25
- 0.48 inatoa -0.05

Kwenye spredishiti fomula ni `NORM.S.INV`. Angalia sana herufi za mwisho, kuna ndugu yake `NORM.S.DIST` ambayo inafanya kinyume chake, inachukua z inakurudishia eneo, na watu wengi wanaichagua kwa kuwa ndo inajitokeza juu kwenye orodha. Ujipime kwa kuiwekea 0.5. Ikikupa 0 uko sawa.

Hatua ya 4: Hesabu d'

Chukua z ya hiti, toa z ya kengele za uongo.

- Wa kwanza: 1.28 - (-0.25) = 1.53
- Wa pili: 0.25 - (-1.28) = 1.53
- Wa tatu: 2.05 - (-0.05) = 2.10

Wa kwanza na wa pili, waliopishana hiti 15 nzima, uwezo wao wa kutofautisha ni ule ule. Na wa tatu, mwenye 75% kama wenzake, yeye kawazidi wote wawili.

Hapa ndo watu wanagoma, kwa hiyo tutulie kidogo. Kutoka mshiriki wa kwanza kwenda wa tatu, hiti zimepanda kwa pointi 8 za asilimia (0.90 hadi 0.98) na kengele za uongo nazo zimepanda pointi 8 (0.40 hadi 0.48). Kwenye asilimia ya jumla zinafutana, unabaki na 75% ile ile. Lakini kwenye kilima pointi 8 hazina uzito sawa kila mahali. Karibu na katikati, kilima kikiwa kirefu, pointi 8 unazipata kwa kusogeza kizingiti kidogo sana, 0.20 tu. Pembeni kabisa, kwenye mkia ambako kilima kimeshakuwa chembamba, pointi hizo hizo 8 zinataka msogeo wa 0.77. Mtu asingeweza kupata 0.98 ya hiti huku kengele zake za uongo zikipanda kidogo hivyo, kama vilima vyake havijaachana zaidi ya vya mwenzake.

Namna ya kuisoma d': 0 ni kubahatisha, vilima vimelaliana. 1 ni kwamba vilima vimeachana kwa mchepuko sanifu mmoja, na mtu asiye na upendeleo wowote hapo angepata karibu 69% sahihi. Ikiwa 2 angepata kama 84%. Kwa 1.53 ya washiriki wetu wawili ingekuwa kama 78%, na kwa 2.10 ya wa tatu ni kama 85%. Yaani huyu wa tatu kapoteza kama pointi 10 nzima kwa sababu tu ya mahali alipoweka kizingiti, na hilo ndilo tunaenda kulipima sasa.

Hatua ya 5: Hesabu c

Jumlisha z mbili, gawanya kwa 2, alafu geuza alama ya mbele.

- Wa kwanza: -(1.28 + -0.25)/2 = -0.51
- Wa pili: -(0.25 + -1.28)/2 = 0.51
- Wa tatu: -(2.05 + -0.05)/2 = -1.00

Sifuri ina maana kizingiti kiko katikati kabisa ya vilima viwili. Hasi ni mtu mwepesi wa kusema ndiyo, chanya ni mtu mgumu wa kusema ndiyo. Kwa hiyo wa kwanza na wa pili wana kumbukumbu moja, ila mmoja kaweka kizingiti nusu mchepuko upande huu na mwenzie nusu mchepuko upande wa pili. Wa tatu kakisogeza mchepuko mzima, anaitikia karibu kila kitu kinachofanana fanana na alichokiona.

Ile alama ya kutoa iliyo mbele usiisahau. Ukiisahau wepesi wote watakuwa wagumu na wagumu watakuwa wepesi, na mjadala wote wa ripoti yako utageuka kichwa chini. Njia ya haraka ya kujihakiki: mtu ambaye hiti na kengele zake za uongo ukizijumlisha viwango vyake vinazidi 1, lazima c yake iwe hasi. Wa kwanza 0.90 + 0.40 = 1.30, hasi, sawa.

Na tafadhali usiandike kwenye ripoti kwamba mshiriki mwenye c isiyo sifuri "amekosea". Kama 80% ya maneno unayomwonyesha ni ya zamani, au umemwambia kukosa neno la zamani kutamgharimu zaidi kuliko kuropoka, basi kusogeza kizingiti upande wa ndiyo ni akili. Upendeleo ni kipimo cha uamuzi, sio cha tabia mbaya.

Hatua ya 6: Rekebisha kabla hujakutana na 0 au 1

Mpaka hapa nimetumia viwango vikavu ili uone hesabu vizuri, lakini kwenye data halisi kuna mtu atapata hiti zote 50, au hatakuwa na kengele ya uongo hata moja. Z ya 1 haina mwisho, z ya 0 vile vile, kompyuta itakutupia kosa.

Suluhisho ninalolipendekeza ni kuongeza 0.5 kwenye idadi ya hiti na kwenye idadi ya kengele za uongo, na kuongeza 1 kwenye idadi ya maneno ya kila upande, kabla ya kugawanya. Tuseme mtu ana hiti 50 kati ya 50 na kengele 3 kati ya 50. Anakuwa na 50.5/51 = 0.990 na 3.5/51 = 0.069, d' yake ni 3.82.

Jambo la kushika hapa ni kwamba unarekebisha washiriki WOTE, sio yule mwenye 0 au 1 peke yake. Marekebisho yanavuta d' chini kidogo, kwa hiyo ukimfanyia mmoja ukamwacha mwingine unakuwa umewapima kwa rula mbili. Wetu watatu baada ya kurekebishwa wanakuwa 1.49, 1.49 na 1.94. Ona wa tatu kashuka zaidi ya wenzake, ni kwa sababu 0.98 yake iko mkiani ambako neno moja tu linabeba uzito mkubwa.

Utakuta tafiti nyingine zinafanya tofauti, 1 wanaibadilisha kuwa 1 - 1/(2N) na 0 kuwa 1/(2N), N ikiwa ni idadi ya maneno ya upande huo. Yule mtu wa hiti 50 kwa njia hiyo angepata 3.88 badala ya 3.82. Zote zinatumika, cha msingi chagua moja kabla ya kuangalia matokeo na uitaje.

Hatua ya 7: Weka kwenye spredishiti

Safu B weka hiti, C idadi ya maneno ya zamani, D kengele za uongo, E idadi ya maneno mapya. Alafu kwenye F2, G2, H2 na I2 kwa mpangilio huo:

```
=(B2+0.5)/(C2+1)
=(D2+0.5)/(E2+1)
=NORM.S.INV(F2)-NORM.S.INV(G2)
=-(NORM.S.INV(F2)+NORM.S.INV(G2))/2
```

H ndo d', I ndo c. Buruta chini kwa washiriki wote. Kwa R:

```
h <- (45 + 0.5) / (50 + 1)
f <- (20 + 0.5) / (50 + 1)
dp <- qnorm(h) - qnorm(f)
cc <- -(qnorm(h) + qnorm(f)) / 2
```

Kwa mshiriki wa kwanza unatakiwa uone d' ya 1.49 na c ya -0.49. Zikitoka hizo, endelea na data yako.

Hatua ya 8: Kila mtu kwanza, wastani baadaye

Hesabu d' na c ya kila mshiriki peke yake, alafu ndo utafute wastani wa kundi. Usijumlishe hiti za watu wote kwenye kapu moja kisha ukahesabu d' moja ya kapu. Chukua wale wawili wetu wa 1.53. Ukiwachanganya wanakuwa na hiti 75 kati ya 100 na kengele 25 kati ya 100, viwango ni 0.75 na 0.25, z ni 0.67 na -0.67, d' inatoka 1.35. Watu wawili wenye uwezo ule ule kabisa, umewachanganya tu na uwezo umeshuka! Kilichotokea ni kwamba tofauti ya vizingiti vyao imehesabiwa kana kwamba ni udhaifu wa kumbukumbu, na c imetoka 0, kana kwamba hakuna aliyekuwa na upendeleo. Ule utengano uliokuwa unautafuta umepotea wote.

Namba yako ina uhakika kiasi gani

Hili watu wanaliruka. Ukiwa na maneno 50 na 50, d' ya mtu mmoja ina mtikisiko mkubwa kuliko inavyoonekana. Kwa mshiriki wa kwanza kosa sanifu ni kama 0.30, kwa hiyo ile 1.53 kwa uhakika wa 95% inaweza kuwa popote kati ya 0.94 na 2.12. Wa tatu kwa kuwa yuko mkiani kosa lake ni kubwa zaidi, kama 0.45. Ukimlinganisha na wa kwanza tofauti yao ni 0.57 na kosa sanifu la tofauti hiyo ni kama 0.54, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba huyu kweli kamzidi mwenzie. Kwa ajili ya kufundishia niliwachukulia namba zao kama zilivyo, kwenye utafiti wako linganisha makundi yenye watu wa kutosha, au mpe kila mtu zamu nyingi zaidi. Na jaribio usilifanye rahisi mno, washiriki wakijazana kwenye 0.98 na 0.99 namba zitayumba sana.

Mambo yakienda kombo

*Seli inaandika `#NUM!`.* Umeiwekea 0 au 1 bila marekebisho ya hatua ya 6, au umeweka 90 badala ya 0.90.

*Seli inaandika `#NAME?`.* Programu yako ni ya zamani, kabla ya Excel 2010. Tumia `NORMSINV`.

*Fomula inakataliwa kabisa.* Baadhi ya kompyuta zimewekwa desimali kwa mkato, ile 0.5 iandike 0,5.

*d' imetoka hasi.* Ikiwa hasi kidogo, kama -0.1, mtu anabahatisha na bahati imemwangusha upande wa chini, iache ilivyo, usiifanye 0, la sivyo unapandisha wastani wa kundi kwa ujanja. Ikiwa hasi sana, kama -1.5, huyo anatofautisha vizuri tu ila majibu yamegeuzwa. Angalia kama alichanganya vitufe, au wewe ndo umebadilisha msimbo wa ndiyo na hapana kwenye faili. Usiigeuze kimya kimya kabla hujajua ni kipi kati ya hivyo.

*Jaribio langu lilikuwa la kuchagua moja kati ya mawili.* Kama kila zamu ulionyesha maneno mawili pamoja na mtu achague la zamani ni lipi, fomula ya juu itakupa namba kubwa kuliko halali. Igawanye kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani karibu 1.41, ndo uweze kuilinganisha na ya ndiyo na hapana.

*Upendeleo wangu haufanani na wa utafiti mwingine.* Inawezekana wao wametumia beta, kipimo kingine cha upendeleo, na sio c. Logi asilia ya beta ni d' zidisha c, kwa hiyo beta ya mtu inabadilika d' ikibadilika hata kama umbali wa kizingiti kutoka katikati ya vilima ni ule ule. Nashauri c, ila ukitaka kulinganisha badilisha kwanza.

*Vilima vyangu vina upana sawa kweli?* Hili ndo swali zito kuliko yote hapo juu, manake fomula ya d' inachukulia kwamba viko sawa, na kwenye kumbukumbu za kutambua mara nyingi haviko sawa, kilima cha maneno ya zamani huwa kipana zaidi. Jibu la ndiyo na hapana haliwezi kukuonyesha hilo hata uwe na zamu elfu. Inabidi umwombe mshiriki aseme ana uhakika kiasi gani, tuseme ngazi 6 kutoka "jipya kabisa" hadi "la zamani kabisa". Kila mpaka kati ya ngazi na ngazi ni kizingiti kimoja, unapata jozi 5 za hiti na kengele za uongo, unachora z ya hiti dhidi ya z ya kengele na kuangalia mteremko. Ukiwa 1 vilima ni sawa. Kwa kumbukumbu za maneno mara nyingi unakuta kama 0.8, na hapo kipimo cha kutumia ni hiki, s ikiwa ndo mteremko, H kiwango cha hiti na F kiwango cha kengele za uongo:

```
da = sqrt(2/(1+s^2)) * (z(H) - s*z(F))
```

Tuwarudishe wale wawili wa 1.53 kwenye fomula hii wakiwa na mteremko wa 0.8. Wa kwanza anapata 1.64, wa pili 1.41. Hawalingani tena! Kwa hiyo ile "wako sawa" ya hatua ya 4 inasimama tu kama vilima vina upana mmoja. Makundi yako yakiwa na c zinazokaribiana usihangaike sana na hili, kosa litawagusa wote karibu sawa. Lakini unapolinganisha kundi jepesi na kundi gumu, kama wazee na vijana au waliopewa onyo na wasiopewa, weka zile ngazi za uhakika tangu siku unayotengeneza jaribio, kwa sababu data ikishakusanywa kwa ndiyo na hapana tu huwezi kuzirudisha.